Picha ya usiku, nusu ya mnyama: safu ya "Uhakika" mnaijazaje?

Mfuatiliaji_Pawaga (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu. Kijijini kwetu, upande wa Ruaha, tuna kamera mtego chache tunazozifunga kwenye vijia vya wanyama na karibu na mazizi. Tukitoa kadi tunajaza daftari: tarehe, saa, mahali, mnyama, na safu ya mwisho imeandikwa "Uhakika". Safu hiyo ndiyo inayotugombanisha. Picha za mchana hazina tabu, twiga ni twiga. Sasa tumepata picha tatu zilizofuatana, za saa nane usiku, kwenye kijia kinachopita nyuma ya zizi la mbuzi. Ya kwanza tupu. Ya pili inaonyesha nusu ya nyuma ya mnyama, kichwa na mabega vimeshatoka upande wa kulia: tunaona nyonga, mguu mmoja wa nyuma na mkia. Ya tatu ni ncha ya mkia tu. Madoa yapo, lakini alikuwa anatembea kwa hiyo picha imevutika.

Mwenzangu kaandika "Chui 90%". Mwingine kafuta, kaandika "Duma 60%". Mzee wetu wa kamati kasema andikeni "Haijulikani" tukale. Siulizi tu ni mnyama gani. Nauliza hiyo safu inajazwaje kwa picha ya namna hii, ili mtu atakayefungua daftari mwakani ajue tuliona nini hasa. Picha hizo hapo chini.

NgomaNzito

Chui huyo mkuu, mia kwa mia. Imarisheni zizi, mengine mtajadili asubuhi.

Fundi_Simu_Iringa

Tatizo ni kamera, mkuu. Hizo za bei rahisi shata yake usiku ni ya polepole, lazima picha ivutike. Tafuteni yenye flashi nyeupe, inatoa rangi hata saa nane usiku. Ukitaka nikutajie aina njoo inboksi.

Mfuatiliaji_Pawaga

Ahsante fundi, ila picha hii imeshapigwa. Nikinunua nyingine leo, ya jana haitabadilika. Halafu flashi nyeupe kwenye kijia cha watu wanaotoka kilabuni usiku, utaniponza.

Bi_Nyayo

Mtoa uzi, umeuliza swali zuri, na nimesoma picha za namna hii kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaandika kidogo kwa urefu.

Kwanza acheni asilimia. Mtu akiandika 90% anadai kwamba katika majibu yake kumi aliyoyapa kiwango hicho, tisa yalithibitika. Mwulize mwenzako orodha ya hayo majibu iko wapi. Kama hana, ile 90 ni hisia iliyovaa namba, na anayesoma daftari ataichukulia kama kipimo.

Pili, safu moja haitoshi, kwa sababu mnajibu maswali mawili kwa mpigo. Moja ni nini kinaonekana kwenye picha. Jingine ni mnyama gani anaweza kuonekana hivyo. Andikeni lile la kwanza kwa maneno ya kawaida bila kutaja jina la mnyama: "Nusu ya nyuma. Mkia mrefu, umeshuka kupita kisigino cha mguu wa nyuma kisha ukapinda juu. Madoa ya mguuni ni meusi yaliyojaa, hayana weupe katikati. Madoa makubwa zaidi kwenye nyonga, kingo hazisomeki." Hapo hata yule wa duma hatabisha. Ndipo mnaandika orodha ya wote wenye madoa wanaoweza kupita hapo, mnamtoa mmoja mmoja, na kila anayetoka mnaandika katolewa na nini.

Wenye madoa kwenu ni chui, duma, mondo, fisi madoa, kanu na fungo. Mkia wa mondo ni mfupi, unaishia karibu na kisigino. Wa fisi nao ni mfupi, tena mgongo wake ungekuwa umeshuka kuelekea nyuma. Mkia wenu umepita kisigino ukabaki na cha kupinda. Hao wawili wametoka, na wametolewa na kitu kinachoonekana. Fungo ana mkia wa kutosha lakini mweusi nchani, wenye manyoya mengi, na yeye mwenyewe ni mfupi. Kanu ana mkia mrefu wa pete pete, ila ni kanyama kadogo, mabegani hafiki hata sentimita 25. Kwa hiyo hao wa mwisho kuwatoa vizuri kunahitaji kimo, na kimo sijakiona kwenye maelezo yako. Kamera bado iko palepale?

Mfuatiliaji_Pawaga

Ipo, haijaguswa, tulitoa kadi tu.

Bi_Nyayo

Usiisogeze hata kidogo. Chukua fito, ipigie alama kila sentimita 10, nenda ukaisimamishe pale mguu wa mnyama ulipokanyaga, kisha kamera ikupige wewe na fito. Baadaye weka picha mbili sambamba kwenye skrini, uone nyonga imefika alama ya ngapi. Jitahidi sana kulenga mahali pa mguu, tumia jiwe au kisiki kinachoonekana kwenye picha zote mbili. Kosa la mahali hapa ni ghali. Tuseme fito umeiweka mita 4 kutoka kwenye kamera, kumbe mnyama alipita mita 3. Ataonekana mkubwa kwa theluthi nzima. Mondo wa sentimita 55 utamsoma kama 73, na hapo umeshatengeneza chui.

Chura_wa_Msimbazi

Na mbwa wa jirani je? Ni mrefu kiasi hicho, mkia anao, na saa nane usiku nyuma ya zizi ndiyo ofisi yake 😂

Bi_Nyayo

Unacheka lakini umesema la maana, na mimi nilimsahau. Mbwa wa mabaka ameshajaza madaftari mengi kama chui. Aingie kwenye orodha. Hapa anatolewa na mguu: madoa madogo madogo yaliyojirudia kutoka paja mpaka chini, mbwa wa kijijini hana. Lakini atolewe kwa sababu iliyoandikwa, asiachwe tu kwa kuwa hakuna aliyemfikiria.

Mpemba_Halisi

Hili la kusema chui kwa picha ya usiku sisi wa visiwani tunalijua. Mwaka 2018 televisheni ya Marekani ilionyesha video ya kamera mtego kutoka Unguja, ya usiku, fupi, wakadai ndiye chui wa Zanzibar, ambaye tangu miaka ya 1990 alihesabiwa ametoweka. Watu wakashangilia. Wataalamu wengi haikuwatosha. Mimi naona wivu tu, angekuwa mzungu mwenye shahada wangekubali.

Bi_Nyayo

Ndugu yangu, aliyeitoa alikuwa mzungu mwenye mafunzo ya baolojia, na bado haikutosha. Sababu ni nyingine. Picha ileile yenye ubora uleule ikipigwa Ruaha, ambako chui wapo na wanajulikana, "chui, uwezekano mkubwa" ni jibu linalobebeka. Unguja jibu hilo linataka kumrudisha mnyama aliyefutwa kwenye orodha, na doa lenye ukungu haliwezi kubeba mzigo huo. Huko mnahitaji mnyama mzima anayeonekana, au kinyesi chenye vinasaba, au mzoga.

MzeeWaTakwimu

Hapo ndipo mimi na dada Nyayo tunaachana. Unasema "Ruaha chui wapo" kisha unaliingiza hilo kwenye jibu la picha. Kama kila picha yenye ukungu Pawaga inageuka chui kwa sababu chui ndio wengi, basi siku duma akipita mara mbili tatu hamtamwona, mtamwandika chui. Mwisho wa mwaka daftari litasema "duma hakuna", na mwakani mtalitumia daftari hilohilo kama ushahidi kwamba duma hakuna. Ramani inajithibitisha yenyewe.

KijanaWaMkwawa

Lakini mzee, huwezi kujifanya hujui mahali. Ukiona kwato Dar huanzi na pundamilia. Hapa chui ni wa kawaida kuliko duma, na duma anawinda mchana. Saa nane usiku ni chui. Mimi kwa hizo hoja mbili naweka 85%.

Bi_Nyayo

Hoja ya kwanza ni halali ingawa nusu. Ya pili hapana. Duma anawinda zaidi mchana lakini usiku anatembea, na usiku wa mbalamwezi hata kuwinda anawinda. Saa haimtoi mtu hapa, inapunguza tu. Ukiandika "duma ametolewa na saa" utakuwa umetoa mnyama kwa tabia yake ya kawaida, na kamera mtego kazi yake kubwa ni kutuonyesha yasiyo ya kawaida.

Kuhusu mahali, mzee wa takwimu ana haki ya kulalamika. Ninachofanya mimi ni kuandika majibu mawili: picha peke yake inasema nini, na picha pamoja na mahali inasema nini. Anayehesabu wanyama adimu asome la kwanza. Anayetaka kujua afunge mbuzi vipi asome la pili.

MzeeWaTakwimu

Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, msomaji ananakili safu moja tu, ile yenye jina la mnyama. Mimi ningefuta ya pili kabisa. Mahali pameshaandikwa kwenye daftari, anayetaka kupatumia atapatumia mwenyewe.

Dada_Mombasa

Jamani mimi yangu ni ya nyoka. Nyumbani kwetu aliingia wa kijani, nikampiga picha kwa simu, giza, kaonekana katikati ya mwili tu, kichwa kiko nyuma ya pipa. Nikatuma kwenye kundi moja. Mtu akajibu "80% ni ukukwi, hana sumu, mtoe kwa ufagio." Hiyo 80 ningeifanyia nini?

Bi_Nyayo

Usingeifanyia kitu, na aliyekupa alikosea hata kama nyoka kweli alikuwa ukukwi. Pwani yenu kuna mamba wa kijani mwenye sumu kali, na kipande cha mwili wa kijani laini bila kichwa hakiwatenganishi wale wawili kwa picha ya giza. Jibu la haki lilikuwa: "Nyoka wa kijani, kichwa hakionekani, mwenye sumu kali hajatolewa, kaeni mbali, funga mlango, muite anayejua kuwakamata." Hapo jina la nyoka halipo, ila unajua la kufanya. Na akimuuma mtu, ni hospitali mara moja, bila kusubiri kundi limtambue.

Ndiyo maana nasisitiza kuandika nani *hajatolewa*. Mtu akisoma "80% ukukwi" anasikia ukukwi. Akisoma "mamba wa kijani hajatolewa" anasikia mamba, na kwa mtu aliye chumba kimoja na nyoka hilo ndilo analopaswa kusikia.

MtuWaLeipzig

Huku Ujerumani mbwa mwitu na paka mkubwa wa msituni anayeitwa linksi wanafuatiliwa kwa herufi na namba: C1, C2, C3. Mfumo ulianzia kwa waliokuwa wakifuatilia linksi wa milima ya Alpi. C1 ni ushahidi mgumu: mzoga, vinasaba, picha ambayo mtu mwingine anaweza kuihakiki. C2 ni dalili kama nyayo au mnyama aliyeuawa, zilizokaguliwa na mtu mzoefu. C3 ni yaliyobaki, ikiwemo "nilimwona kwa macho yangu". Kinachonivutia ni kwamba hawakuulizi una uhakika kiasi gani moyoni. Wanauliza ushahidi wako ni wa aina gani na mwingine anaweza kuukagua. Profesa akimwona linksi kwa macho bila picha, ni C3 kama mkulima.

KijanaWaMkwawa

Hiyo nimeipenda. Kwa hiyo picha ya mtoa uzi ni C1, maana ni picha.

MtuWaLeipzig

Hapana, picha ambayo mnyama hatambuliki haipandi kwa sababu tu ni picha. Ikiwa na ukungu inashuka.

Mfuatiliaji_Pawaga

Nimerudi na fito. Nyonga imefika kati ya alama ya 60 na 65, nimetumia kisiki cha mkwaju kupata mahali pa mguu. Nikikosea mbele au nyuma kwa nusu mita bado hashuki chini ya 50. Kwa hiyo kanu na fungo kwaheri. Kuhusu chui na duma, mwenzangu wa "90%" anasema kwenye nyonga kuna madoa mawili yenye weupe katikati, yale ya duara ya chui. Wa "60%" anasema mguuni madoa yamejaa, na madoa yaliyojaa ni duma.

Bi_Nyayo

Wa duma ana nusu ya ukweli. Duma ana madoa yaliyojaa mwili mzima. Lakini chui naye ana madoa yaliyojaa miguuni na tumboni. Ya duara yako mgongoni na ubavuni. Kwa hiyo mguu wa nyuma peke yake hauchagui. Picha ya nusu ya mnyama inadanganya zaidi hapo, kwa sababu tunakumbuka chui kwa ubavu wake, na ubavu ndio uliokosekana.

Weupe katikati ya doa ni alama nzuri zaidi, tena ina faida moja: mnyama akitembea picha inavutika, na kuvutika huku huwa kunafunga duara likawa doa lililojaa. Ni nadra kufungua doa lililojaa likawa duara. Kwa hiyo doa jeusi kwenye picha iliyovutika halisemi mengi, ila doa linalobaki na weupe katikati linasema. Swali langu: hiyo picha uliyoibandika hapa ni ile ya kwenye kadi, au imepita WhatsApp?

Mfuatiliaji_Pawaga

Imepita WhatsApp, halafu kijana akaipitisha kwenye app ya kuikaza kidogo ionekane.

Fundi_Simu_Iringa

Hapo ndipo mnapoharibu, na hili nalijua vizuri. WhatsApp inaibana picha, vipande vya giza vinakuwa vigae. App ya kukaza kingo inachora ukanda mweupe pembeni ya kila kitu cheusi. Madoa mawili yakikaribiana, ule ukanda unaingia katikati yao na unaona duara ambalo halikuwepo. Kuongeza mwanga picha nzima si kosa. Kukaza kingo ni kosa. Tuma ile ya kwenye kadi kama dokumenti, isiwe kama picha.

Mfuatiliaji_Pawaga

Nimetuma ya kwenye kadi. Nimewaita wale wawili wakae mbali mbali, kila mmoja akaandika peke yake kabla ya kusikia wa mwenzake. Mmoja anaona doa moja lenye weupe, la pili limepotea. Mwingine anasema hilo moja nalo ni kivuli cha nyasi.

Bi_Nyayo

Mimi nimeiangalia. La mbele naliona lina weupe, la nyuma lilikuwa ni kazi ya app. Hivi ndivyo ningeandika, kwa maneno, bila namba:

*Kinachoonekana:* nusu ya nyuma, mkia mrefu, madoa, nyonga takriban sentimita 60 (fito, kamera haikusogezwa).
*Paka mkubwa:* hakika.
*Chui:* uwezekano mkubwa, kwa doa moja la nyonga. Wasomaji hawakukubaliana juu ya doa hilo.
*Hawajatolewa:* duma, simba mdogo ambaye bado ana madoa ya utotoni.
*Waliotolewa:* mondo na fisi madoa (mkia), kanu na fungo (kimo), mbwa (madoa ya mguu).
*Faili:* jina lake kama lilivyo kwenye kadi.

"Hakika" kwangu ina masharti: kuna alama ambayo mnyama mwingine wa eneo hilo hana, na watu wawili wameisoma kila mmoja peke yake. Moja likikosekana, linashuka kuwa "uwezekano mkubwa". Mkibaki na wanyama watatu wasiotengana, ni "inawezekana" na majina yote matatu. Na ya mzee wa kamati isidharauliwe: "haitambuliki" ni jibu kamili, ila iandikwe kwa nini. Giza, ukungu na kipande tu ni matatizo matatu tofauti. Giza unaweza kuliinua kwenye faili la asili. Ukungu hauondoki. Kipande wakati mwingine kinaungwa na picha inayofuata, kama mkia wenu.

MzeeWaTakwimu

Simba mdogo umemweka, vizuri. Ila hilo "uwezekano mkubwa" bado limelegea. Mkitaka maneno yenu yawe na maana, chukueni picha zenu za mchana zilizo wazi, kijana azikate zibaki nusu, azitie giza na ukungu, afiche majibu. Kila mmoja azisome na kuandika hakika, uwezekano mkubwa au inawezekana. Kisha hesabuni kila neno lilipatia mara ngapi. Yule wa 90% anaweza kugundua kwamba yake ni 60. Hapo ndipo namba inaweza kurudi daftarini, ikiwa yake mwenyewe. Na wekeni picha za mbwa humo, na za vichaka vitupu, la sivyo watajua kila picha lazima iwe na mnyama wa porini.

Bi_Nyayo

Hilo nakubali moja kwa moja. Ila ukungu wa kompyuta haufanani kabisa na wa mnyama anayetembea, kwa hiyo matokeo yatakuwa mazuri kuliko hali halisi.

NgomaNzito

Maneno yote haya na mbuzi? Majuzi waliliwa wawili hapohapo kwa jirani yao, nimesoma kwenye uzi mwingine. Sasa mwandikieni bwana wanyamapori kwamba ni chui, watu wapate kifuta machozi chao.

Mfuatiliaji_Pawaga

Mkuu, mbuzi waliuawa usiku wa kabla ya huu. Picha ni ya usiku uliofuata.

Bi_Nyayo

Basi hilo ni swali lingine na lina uhakika wake wa peke yake. Hata picha ingekuwa safi, chui mzima anaangalia kamera, ingesema chui alipita hapo usiku wa pili. Haisemi nani aliua usiku wa kwanza. Mnyama mwingine anaweza kuja kufuata harufu. Kuua kunasomwa kwenye mzoga: chui kwa kawaida anashika koo, utaona matundu ya meno, fisi anararua na kuvunja mifupa. Mzoga ulipigwa picha?

Mfuatiliaji_Pawaga

Ulichunwa ukaliwa asubuhi ileile. Ngozi moja ipo, imeanikwa. Shingo yake bado inaonekana, kesho naenda na rula.

KijanaWaMkwawa

Ukipiga, tuma kama dokumenti.

MzeeWaTakwimu

Na usituambie unatafuta matundu ya chui. Piga shingo yote, pande zote mbili, na rula ndani ya picha. Tutasoma wenyewe. Dada Nyayo, ile safu ya mahali bado nasema iondoke.

Bi_Nyayo

Bado nasema ibaki.